Barua pepe ya kujitambulisha wiki ya kwanza kazini: mwongozo kwa mwenye wenzake ng'ambo ya maji

Mpwa wangu alipata kazi ya kusimamia stoo na usafiri katika mradi mmoja wa afya hapa Lamu. Ofisi iko Amu, yaani mji wa Lamu kisiwani, ghala liko Mokowe upande wa bara, na wenzake wametawanyika: wengine wako Faza na wengine Kizingitini katika kisiwa cha Pate, wengine Mpeketoni na Witu huko bara. Wote pamoja ni watu 38, na Jumatatu ya kwanza aliwaona sita tu. Jioni akanijia na simu mkononi. "Shikamoo, mjomba. Nimeandika barua pepe ya kujitambulisha kwa wote. Nisomee kabla sijaituma."

Nimefanya kazi za ofisi pwani hii zaidi ya miaka ishirini, na barua za namna hiyo nimezipokea nyingi. Karibu zote nilizisoma mara moja nikazisahau, kisha baada ya wiki mbili nikawa nauliza watu, "Jamani, siku hizi mafuta ya boti yanasimamiwa na nani?" Jibu lilikuwa limo kwenye barua, lakini lilizikwa chini ya shukrani na vyeti. Kwa hiyo nilipoishika simu yake nilitafuta kitu kimoja: je, muuguzi wa Faza akiisoma atajua jambo gani amletee huyu binti, kwa njia gani, na siku gani?

Asingejua. Hii ndiyo rasimu yake ya kwanza, nimeipunguza kidogo:

> Kichwa: Kujitambulisha
>
> Ndugu wafanyakazi wenzangu,
>
> Ni furaha yangu isiyo kifani kujiunga na familia hii kubwa. Napenda kuchukua fursa hii adhimu kuwashukuru viongozi kwa kuniamini. Mimi ni mhitimu wa stashahada ya ununuzi na ugavi, na nina uzoefu wa miaka minne. Ni mchapakazi, mwaminifu, na napenda kufanya kazi kwa ushirikiano. Nimeambatisha wasifu wangu ili mnifahamu zaidi. Natarajia kushirikiana nanyi nyote na mlango wangu uko wazi wakati wowote. Nawatakia kazi njema.

Hakuna uongo hapo, wala hakuna utovu wa adabu. Lakini haya ni maneno ya mtu anayeomba kazi, na kazi ameshapewa. Anayeisoma hana haja ya kushawishika kwamba binti huyu anafaa. Ana haja ya pamba na glavu zifike kituoni kabla hazijamwishia. Tuliketi barazani tukaianza upya, na mpango tuliofuata ndio huu.

## Jumatatu na Jumanne: uliza kabla hujaandika

Barua nzuri haiandikwi siku ya kwanza, kwa sababu siku hiyo bado hujui la kuwaambia watu. Tumia siku mbili kukusanya majibu, nawe uyaandike kwenye daftari.

Swali la kwanza ni la mkuu wako: atakutambulisha mwenyewe, au anataka uandike wewe? Hili lina uzito. Mkuu akiwa amekusudia kukutangaza Alhamisi nawe ukamtangulia Jumanne, umemfanya aonekane amechelewa. Akitangulia yeye, barua yako iandike kama jibu la ile yake, ili zote mbili zikae pamoja katika sanduku la kila mtu. Akisema "andika tu", mwombe apitie rasimu yako kwa dakika mbili. Mara nyingi atagundua kitu kimoja ambacho wewe usingeweza kukijua. Mkuu wa mpwa wangu, kwa mfano, alimwambia kwamba gari la Witu halimo mikononi mwake, lina msimamizi wake huko huko.

Swali la pili ni la yule aliyekuwa akiifanya kazi hiyo, au aliyekaimu nafasi ilipokuwa wazi. Muulize watu walikuwa wakimwendea kwa mambo gani hasa, si yale yaliyoandikwa kwenye mkataba. Muulize pia kazi zipi amekuachia nusu. Mpwa wangu alikabidhiwa maombi 11 ya vifaa ambayo hayajajibiwa, mengine ya tangu mwezi uliotangulia. Watu 11 walikuwa wakingoja huku hawajui wamuulize nani. Habari hiyo ina thamani kuliko stashahada, na rasimu ya kwanza haikuigusa.

Swali la tatu ni la karani au mtu wa kompyuta: je, kuna anwani moja ya kundi inayowafikia wote, na ni nani hasa wamo ndani yake? Usikubali jibu la "ni wafanyakazi tu". Omba uone orodha. Kundi la ofisi hukua kama mwani kwenye gati. Utamkuta mwenye duka aliyewahi kuuza petroli, mfadhili aliyeomba nakala mara moja, na mtu aliyeacha kazi kitambo. Barua yenye habari za ndani haifai kuwafikia hao.

La nne ni lugha. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na Kiswahili na Kiingereza ndizo lugha rasmi. Kwa hiyo kuandika kwa Kiswahili hakupunguzi urasmi wa barua. Hata hivyo angalia barua tano au sita zilizotumwa kwa kundi hilo mwezi uliopita, ufuate mazoea yao. Palipo na mgeni mmoja asiyejua Kiswahili, usiwageuzie lugha watu 37 kwa ajili ya mmoja. Muandikie yeye peke yake aya fupi kwa Kiingereza.

## Siku na saa ya kutuma

Tulichagua Jumatano asubuhi. Kufikia hapo ana majibu, na bado imebaki Alhamisi kwa watu kumjibu kabla wiki haijafunga. Ijumaa hatukuitaka. Hapa kwetu, ikikaribia saa sita mchana watu wanajiandaa kwenda msikitini, na barua iliyoingia wakati huo hufunikwa na nyingine hadi Jumatatu.

Kwa visiwani kuna jambo jingine: mtu wa Kizingitini au Faza akiwa njiani baharini, huenda simu isishike mtandao. Boti za kwenda Pate zinazopitia Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya Manda na bara, hungoja maji yajae, kwa hiyo saa ya safari hubadilika siku hadi siku. Mpwa wangu alimpigia simu mtu mmoja wa Faza akamuuliza wao huwa mezani saa ngapi. Akaambiwa, "Tutumie kabla ya saa tatu asubuhi, hatujaanza kupokea wagonjwa." Simu ya dakika moja ikalimaliza suala hilo. Kama unaandika usiku, Gmail ina `Schedule send`, ukiibonyeza unachagua siku na saa, barua inakwenda yenyewe.

## Nani awe `To`, nani `Cc`, nani `Bcc`

Kama anwani ya kundi ipo na umeikagua, iweke kwenye `To`, mkuu wako kwenye `Cc`, basi.

Kama haipo, utajikuta na anwani 38 mkononi. Ukiziweka zote kwenye `To` au `Cc`, mmoja atabonyeza `Reply all` kusema "karibu sana", wa pili atamfuata, na kabla ya adhuhuri kila mtu ana barua ishirini za karibu. Mwenye mtandao dhaifu atazifuta zote kwa pamoja, na yako itaondoka nazo. Ninapendelea hivi: weka anwani yako mwenyewe kwenye `To`, mkuu wako kwenye `Cc`, na wenzako wote kwenye `Bcc`. Majibu yatakuja kwako, na `Reply all` haitawafikia wale waliofichwa.

Njia hii ina kasoro yake. Aliyefichwa haoni nani mwingine amepata, na anaweza kudhani ameandikiwa peke yake. Dawa ni kusema wazi ndani ya barua: "Nimewaandikia nyote wa Amu, Mokowe, Faza, Kizingitini, Mpeketoni na Witu."

## Kichwa kiseme kazi, kisiseme "kujitambulisha"

Kwenye kioo cha simu mtu huona jina la mtumaji, maneno machache ya kichwa, na mwanzo wa mstari wa kwanza. Jina la mtumaji halifahamiki, kwa kuwa ni mgeni. Kichwa kikiwa "Kujitambulisha", mtu atasema nitaisoma baadaye, na baadaye hiyo haifiki.

Tulijaribu vitatu. "Msimamizi mpya wa stoo na usafiri" kilikuwa kizuri, lakini bado kinamhusu yeye. "Taarifa muhimu kuhusu mabadiliko" kinatisha na hakisemi kitu. Tukaishia na "Maombi ya stoo na boti: sasa niletewe mimi". Maneno matatu ya mwanzo, maombi ya stoo, ndiyo ambayo muuguzi atayaandika kwenye kisanduku cha kutafutia miezi mitatu baadaye, akiwa amelisahau jina. Hilo ndilo jaribio la kichwa: mtu akitafuta kwa jina la shida yake, je, barua yako itatokea?

## Salamu

Hapa vijana wengi hukwama, na ninawaelewa. Uso kwa uso, mpwa wangu angempa mzee wa Mpeketoni shikamoo, rika lake angemwambia mambo, na jirani wa Amu angemtolea salamu aleikum. Katika barua moja wote wamo pamoja: mzee na kijana, Mwislamu na Mkristo, Mwamu, Mbajuni na mtu wa bara.

"Hamjambo nyote" inatosha na haimwachi mtu nje. "Habari za asubuhi" niliikataa, kwa sababu mwingine ataisoma jioni. "Shikamoo" kwa watu 38 haikai vizuri, hasa pakiwa na walio wadogo kwako. Ihifadhi kwa barua ya mtu mmoja au kwa siku mtakapoonana. "Ndugu" ni ya heshima na haina kosa, ila huivuta barua kwenye sauti ya mkutano wa hadhara.

Ukimtaja mtu ndani ya barua, mtaje kwa jina ambalo ofisi nzima humwita: Mwalimu fulani, Daktari fulani, Bi fulani. Wiki ya kwanza usimpunguzie mtu cheo, hata ukisikia wengine wakimwita jina tupu. Wao wamekaa naye miaka.

## Mwili wa barua

Sasa rasimu ya pili, kama ilivyotumwa. Jina na namba nimeviondoa, kwani barua ni yake.

> Kichwa: Maombi ya stoo na boti: sasa niletewe mimi
>
> Hamjambo nyote,
>
> Mimi ni (jina), msimamizi mpya wa stoo na usafiri. Kuanzia leo, maombi ya vifaa na ya boti mniletee mimi, kwa anwani hii hii. Nimewaandikia nyote wa Amu, Mokowe, Faza, Kizingitini, Mpeketoni na Witu.
>
> Fomu ni ile ile mliyoizoea. Vifaa vya Faza na Kizingitini huondoka na boti ya Alhamisi, kwa hiyo ombi linifikie kabla ya Jumanne saa 10:00 alasiri (16:00). Boti hufuata maji. Saa kamili ya kuondoka nitawatumia kila Jumatano.
>
> Nimekabidhiwa maombi 11 ambayo hayajajibiwa. Kama uliomba kitu kabla ya mwezi huu na hujakipata, nijibu kwa mstari mmoja: kituo chako, kitu ulichoomba, na tarehe. Nitalinganisha na orodha yangu na kila mmoja nitampa jibu kabla ya Jumatano ijayo.
>
> Posho za safari bado ziko kwa mhasibu, na gari la Witu liko kwa msimamizi wa Witu.
>
> Niko ofisini Amu kuanzia saa 2:00 asubuhi hadi saa 11:00 jioni (08:00–17:00), isipokuwa Jumanne asubuhi ambapo huwa ghalani Mokowe. Jambo la haraka, nipigieni simu.
>
> Mimi ni mzaliwa wa Matondoni, na kabla ya hapa nilishika stoo ya hospitali moja Malindi kwa miaka minne. Wiki ijayo nitapita vituoni kuona mnavyohifadhi vifaa, tutaonana huko.
>
> (Jina kamili)
> Msimamizi wa stoo na usafiri
> Simu ya kazi: (namba)

Ni kama maneno 170. Mtu huimaliza akiwa amesimama gatini anangoja boti.

Angalia mpangilio wake. Aya ya kwanza inajitosheleza: anayeacha kusoma hapo amekwisha kupata jambo kuu, nalo ni mabadiliko ya mtu wa kuletewa maombi. Aya ya pili inatoa utaratibu na kueleza kwa nini siku ni Jumanne. Sababu ni ya lazima. Ukiandika tarehe ya mwisho bila sababu, wiki yako ya kwanza, utaonekana umekuja na amri. Ukisema boti huondoka Alhamisi, mtu atajua wewe na yeye nyote mnafuata bahari.

Aya ya maombi 11 ndiyo iliyoleta majibu mengi. Inaomba mstari mmoja, inasema mstari huo uwe na nini, na inaahidi siku. Ahadi hiyo tuliijadili sana. Mwanzoni alitaka kuandika "nitawajibu mapema iwezekanavyo", nami nikamwambia neno hilo halimfungi mtu yeyote. Akataka kuandika "kesho". Nikamuuliza kama ameyaona maombi yenyewe. Hakuwa ameyaona yote. Ahidi jibu, si kifaa, na ujipe siku ambazo una hakika nazo. Jibu linaweza kuwa "glavu zimeisha ghalani, zimeagizwa"; hilo nalo ni jibu.

Mstari wa mambo yasiyo yako watu wengi huogopa kuuandika, wakidhani utasomeka kama kukataa kazi. Lakini ukiuacha, wiki ya pili utakuwa unapokea maswali ya posho na kuyapeleka kwa mhasibu moja moja. Useme hivyo hivyo bila kuomba radhi, na kila jambo litaje lilipo.

Mwisho kuna habari zake mwenyewe, sentensi moja tu. Mji wetu ni mdogo, na swali la "mwana wa nani huyu?" litaulizwa hata usipoandika. Kutaja Matondoni kunampa mtu pa kuanzia mazungumzo mtakapoonana. Ukiwa umetoka bara au Malindi au Kilifi, sema hivyo hivyo wazi, inatosha. Usiandike ukoo, dini, idadi ya watoto, wala sifa za tabia. Uaminifu na uchapakazi wenzako watauona stoo ikianza kujibu.

## Saa: kosa lililonigharimu mimi

Katika kazi moja ya zamani, wiki yangu ya kwanza, niliwaandikia wenzangu kwamba tuonane gatini Mokowe "Jumatano saa 2". Nilikusudia saa mbili asubuhi. Wenzangu wawili waliotoka bara, waliozoea kuandika saa kwa Kiingereza, walisoma saa nane mchana. Boti iliondoka bila wao kwa sababu maji yalikuwa yakianza kupwa, na wakaisubiri nyingine hadi siku ya pili. Waliniheshimu, hawakusema neno, lakini nilijua kosa lilikuwa langu.

Tangu hapo saa ninaiandika kwa namna mbili, na ndivyo alivyofanya mpwa wangu: saa yetu pamoja na neno la wakati, asubuhi au alasiri au usiku, kisha kwenye mabano saa ya tarakimu 24. Saa 10:00 alasiri (16:00). Huo mkia wa tarakimu hauna utata kwa mtu yeyote. Tarehe nazo ziandike na jina la siku, ili mtu akikosea tarehe, siku imrudishe.

## Sahihi, picha na viambatisho

Wasifu tuliuondoa. Hakuna aliyeuomba, na una tarehe ya kuzaliwa, namba ya kitambulisho na majina ya wadhamini. Ukishautuma kwa watu 38 hutaweza kuurudisha. Kama mkuu anautaka kwenye faili, mpe yeye.

Picha aliitaka, nami nikaona ana sababu: watu wa vituoni watamtambua akishuka kwenye boti. Lakini picha iliyopigwa na simu huwa na megabaiti kadhaa, ilhali barua ya maneno matupu haifiki hata sehemu ndogo ya hapo. Kwa mtu wa Kizingitini mwenye bando dogo hiyo ni gharama yake, si yako. Akaiweka kwenye akaunti yake ya barua badala ya ndani ya barua, ikawa inatokea kama duara dogo kando ya jina lake.

Sahihi iwe mistari mitatu: jina, kazi, simu. Ukitumia Gmail, kumbuka sahihi uliyoiweka kwenye kompyuta na ile ya programu ya simu huwekwa mbalimbali. Ukiisahau ya simu, barua zako za safarini zitaondoka bila namba, na hizo ndizo za haraka. Namba iwe ya kazi. Usiandike namba ya mwenzako kwenye barua ya watu wote bila kumuuliza. Kenya ina sheria ya kulinda data za watu tangu 2019, na hata isingekuwepo, ni ya kwake.

## Kabla ya kubonyeza

Jitumie mwenyewe kwanza, uisome kwenye simu, si kwenye kompyuta. Kichwa kinakatika wapi? Mstari wa kwanza unaonekana kiasi gani? Namba ya simu ukiigusa inapiga? Mpwa wangu aliigusa yake akakuta amekosa tarakimu moja. Ingekwenda hivyo kwa watu 38.

Kisha soma kwa sauti kila jina la mtu na la mahali. Halafu fungua mipangilio ya Gmail kwenye kompyuta, sehemu ya `Undo Send`, uweke sekunde 30 ambazo ndizo nyingi zaidi. Mara nyingi kosa huonekana mara tu baada ya kidole kuondoka kitufeni, nazo sekunde hizo hutosha kuirudisha.

## Baada ya kutuma

Zitakuja aina tatu za majibu.

Ya kwanza ni ya mashine. Ukiona `Address not found`, anwani ina kosa au mtu ameshaondoka. Usiipuuze: huyo ni mwenzako mmoja ambaye hajui kama upo. Mpwa wangu alipata mbili. Moja ilikuwa ya mtu aliyeacha kazi, nyingine ilikuwa na herufi iliyorukwa katika jina la muuguzi wa Faza, yule yule mwenye ombi la zamani kuliko yote.

Ya pili ni ya "karibu sana". Mjibu kila mmoja peke yake, neno moja au mawili, siku hiyo hiyo. Shukrani ya pamoja kwa watu wote si lazima.

Ya tatu ndiyo uliyoitafuta: mistari yenye kituo, kitu na tarehe. Alipata tisa kufikia Alhamisi jioni. Saba zililingana na orodha aliyokabidhiwa. Mbili hazikuwamo kabisa, yaani yaliombwa na hayakuandikwa popote. Hayo mawili asingeyajua kwa njia nyingine. Kwa yale manne ambayo hakuna aliyejitokeza, hakungoja. Alipiga simu vituoni, akakuta mawili yalishanunuliwa kwa njia nyingine na mawili bado yanahitajika.

Barua ikifanya kazi utaijua wiki ya pili: maombi yanakuja kwako moja kwa moja, nayo yana siku na idadi. Kama bado yanapitia kwa mkuu au kwa yule aliyekutangulia, usitume barua ya pili kwa wote. Angalia ni kituo gani, umpigie mtu wa hapo.

Na wako wasiosoma barua pepe. Nahodha wa boti, mlinzi wa ghala la Mokowe, mama anayepika chai ofisini, mpakizi wa gatini: hawa walikuwa nje ya ile hesabu ya 38, na stoo ya mpwa wangu haiendi hatua bila wao. Kwao alikwenda kwa miguu, Jumatano hiyo hiyo mchana. Alimpa nahodha shikamoo, akamweleza yeye ni nani na kwamba mizigo ya Alhamisi sasa inatoka kwake. Mzee akamuuliza ni wa wapi, akasema Matondoni, akamuuliza kwa nani, akamtajia. Ndipo mzee akamwambia kwamba Alhamisi hiyo maji yatajaa mapema, mizigo iwe gatini saa kumi na mbili asubuhi. Mpwa wangu akarudi ofisini, akaiandika saa hiyo kwa namna zote mbili, akawatumia watu wa Faza na Kizingitini.

Ofisi yenye watu watano chumba kimoja, kama nyumba ya wageni ya Shela, haihitaji haya yote. Hapo salimia kwa mdomo, ukae nao siku mbili, kisha watumie mistari mitatu: kazi yangu ni hii, niko siku hizi, namba yangu ni hii.